Advansi ya laki mbili ilivyonikausha

Juzi dada mmoja kaniuliza inboksi, "Dada, kwenye wigi la oda nichukue advansi nusu?" Nikacheka peke yangu. Mdogo wangu, nusu ya nini?

Mimi nilichukua laki mbili. Mteja alikuja Jumanne, sendofu yake Jumamosi, anataka wigi la nchi 18 lenye frontali, ile lesi ya mbele yenye nywele, mstari wa mbele uonekane kama ngozi yake. Nikamwambia 650,000, siku tatu tu mpenzi, Ijumaa unalo. Ulimi hauna mfupa jamani. Nikajazia na hela ya kodi nikaenda Kariakoo, bando tatu kwa 130,000 kila moja, frontali 150,000, kofia, uzi, blichi na shampuu elfu 20. Jumla 560,000, nikajihesabia faida elfu 90.

Jumatano usiku nikapaka blichi kwenye vinundu, vile vifundo vya nywele kwenye lesi, visionekane. Blichi ya vinundu inatakiwa iwe nzito kama mtindi mgando na unaigusisha tu juu ya lesi bila kugandamiza, ya kwangu ilikuwa majimaji, na nikaenda kupokea simu nikasahau. Kugeuza lesi, mashina ya nywele yote ya mbele yamekuwa rangi ya chungwa. Rangi hiyo shampuu ya bluu inaituliza. Lakini nilipopitisha kitana nywele zikaja nazo, na kinundu kikishaungua hakuna dawa.

Alhamisi frontali nyingine, 150,000 yangu. Wigi lilifika Jumamosi saa kumi jioni, bibi harusi kashavaa la rafiki yake. Alinilipa baada ya wiki mbili na akakata elfu 50. Hasara 110,000 na mikono yangu bure, halafu bado wifi yake akanisema kwenye stetasi. Iliniuma, sikatai, ila kosa lilikuwa langu.

Sasa hivi advansi ni hela ya vifaa vyote, sio nusu. Kwa wigi kama lile ni 560,000 ndio naenda dukani, asiyenayo aje na nywele zake. Juu yake naweka ufundi 150,000 na elfu 15 ya frontali, maana nikipiga hesabu yangu, katika kumi moja huniharibikia, kwa hiyo kila mteja anachangia kidogo. Inakuja 725,000, na ile 165,000 inaingia kabla wigi halijapanda boda. Wakinuna wanune.

Na siku acheni kudanganya watu! Kununua na kuosha bando siku moja, blichi na kukausha siku ya pili, kushona ya tatu, kunyofoa mstari na kustailisha ya nne, hapo hakuna foleni wala umeme kukatika. Mimi nasema siku kumi, zinaanza pale advansi inaposoma kwenye simu, sio siku tuliyochati. Mwenye sendofu ya Jumamosi akija Jumanne namuonyesha yaliyo tayari.

Ile frontali iliyoungua ninayo, binti anayejifunza kwangu anaitumia kujifunzia kunyofoa.