Sindano za mjamzito: ipi idungwe, ipi isubiri

"Mimba ya kwanza walinidunga ya pepopunda mara mbili, tarehe 14 Juni 2021 na 19 Julai 2021. Sasa nina mimba ya miezi mitano, ni Machi 2025, na mkunga anataka kunidunga tena. Je, hizo za zamani zilikuwa bure?" – Mama, Bweyale

Hazikuwa bure, mama, na mkunga hakuanzishi upya. Sindano hii inaitwa Td, yaani pepopunda pamoja na dondakoo, na inahesabiwa maisha yote, si kwa kila mimba. Ya pili hutolewa wiki nne au zaidi baada ya ya kwanza. Zako zilipishana siku 35, kwa hiyo zote mbili zinahesabika. Sindano mbili hulinda kwa takriban miaka mitatu, na kwako muda huo ulikwisha Julai 2024. Ya leo ni ya tatu, nayo itakulinda kwa miaka mitano hivi.

Ya nne utaipata mwaka mmoja baadaye, kuanzia Machi 2026, na ya tano mwaka mwingine ukipita. Usingoje mimba nyingine ndipo uzitafute. Ukifikisha tano umelindwa kwa miaka yako yote ya kuzaa. Tatizo tunaloliona mara nyingi liko kwenye kadi: mama anapewa kadi mpya kila mimba, muuguzi anaandika "Td1", na mama amezaa watoto wanne bila kufika ya tano kwenye maandishi. Nenda na kadi ya zamani, na kabla hujaondoka hakikisha ya leo imeandikwa Td3.

Kadi ikipotea kabisa, unahesabiwa kama hujawahi kudungwa: sindano mbili, wiki nne kati yake, na ya pili iwe angalau wiki mbili kabla ya kujifungua. Piga hesabu hapo. Mimba ni wiki 40, kwa hiyo anayeanza baada ya wiki ya 34 amechelewa. Adungwe hata hivyo, ila asihesabu kwamba mtoto huyu ameshalindwa.

Sababu ya haraka hiyo ni kwamba sindano haimkingi mtoto moja kwa moja. Mwili wako ndio unaotengeneza kingamwili, kisha zinavuka kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto, hasa miezi mitatu ya mwisho. Mtoto mwenyewe haanzi chanjo zake za pepopunda hadi wiki ya sita, na vijidudu vya ugonjwa huu vinakaa kwenye udongo na samadi, vikingoja kitovu kibichi. Mtoto aliyeambukizwa hunyonya vizuri siku mbili za kwanza, halafu taya linakaza, anashindwa kunyonya, mwili unakakamaa kila anapoguswa. Ukiona hivyo, kimbia hospitali saa hiyohiyo. Na usipake kitovu samadi, majivu wala mafuta, hata kama umedungwa.

Td haina kijidudu hai ndani yake. Ni sumu ya kijidudu iliyoondolewa makali, haiwezi kuzaliana wala kumfuata mtoto tumboni. Mkono kuuma siku mbili au tatu ni kawaida.

"Nilichomwa chanjo ya surua na rubela nikijiandaa kwenda kazi nje. Wiki mbili baadaye nikagundua nina mimba. Rafiki ananiambia niitoe kwa sababu mtoto atazaliwa kipofu. Nisaidieni, sijalala." – Dada, Kampala

Usiitoe kwa sababu hiyo, dada. Rafiki yako amechanganya ugonjwa na chanjo. Rubela yenyewe, ikimpata mama katika wiki 12 za kwanza, kweli huweza kumharibu mtoto vibaya: mtoto wa jicho, uziwi, kasoro za moyo. Chanjo ina virusi hao hao wakiwa hai, ila wamedhoofishwa. Kwa kuwa wanaweza kuzaliana kidogo mwilini, na pengine kuvuka kondo, mjamzito hapewi, na aliyechanjwa anaambiwa angoje mwezi mmoja kabla ya kushika mimba.

Hiyo ni tahadhari. Wanawake wengi waliochanjwa bila kujua wana mimba wamefuatiliwa katika nchi mbalimbali, na hakuna mtoto aliyeonekana kuzaliwa na madhara ya rubela kwa sababu ya chanjo hiyo. Mweleze mkunga tarehe uliyochomwa aiandike kwenye kadi, kisha endelea na kliniki kama wajawazito wengine. Aliye na mimba na hajachanjwa ataipata baada ya kujifungua, na kunyonyesha hakumzuii.

"Nina mimba ya miezi minne na ninasafiri. Nimeambiwa mpakani wataomba kadi ya homa ya manjano. Nichome?" – Mama, Busia

Hii nayo ni ya virusi hai, kwa hiyo kwa kawaida tunaiahirisha. Lakini hapa jibu linategemea unakoenda, si mimba peke yake. Kama ulichanjwa zamani, tafuta kadi yako: tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambuliwa kwa maisha yote, huhitaji kurudia. Kama hujawahi, na tatizo ni karatasi tu ya mpakani, daktari anaweza kukuandikia barua ya msamaha yenye sahihi na muhuri. Uliza kwanza kama nchi unayoingia inaikubali.

Barua hiyo, hata hivyo, haimzuii mbu. Ugonjwa huu unaua, na Uganda yenyewe ilipata mlipuko mwaka 2016, Masaka ikiwamo. Ukiwa unaelekea mahali penye mlipuko na safari haiahirishiki, hatari ya ugonjwa huizidi ya chanjo, na hapo mjamzito huchanjwa baada ya kuzungumza na daktari. Ukichanjwa, cheti huanza kutambuliwa baada ya siku kumi. Anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi tisa naye aulize kwanza, maana virusi vya chanjo hii vimewahi kupita kwenye maziwa.

"Mke wangu ana mimba ya miezi saba, mbwa amemuuma mguuni jana jioni. Jirani anasema sindano za mbwa zinatoa mimba." – Baba, Arua

Mpeleke leo, usingoje kesho. Kabla ya kutoka, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, hata kama limeshaanza kukauka. Chanjo ya kichaa cha mbwa imetengenezwa kwa virusi vilivyouawa, haitoi mimba, na mjamzito huipata kama mtu mwingine yeyote. Jeraha likivuja damu, atahitaji pia sindano ya kingamwili kwenye jeraha lenyewe, nayo ni salama kwake. Ya kwanza ni leo, zinazofuata ni siku tatu na siku saba baada ya leo, na kituo kitawaambia kama kuna nyingine. Asiruke hata moja. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu hauna anayepona.

"Mtoto wangu mkubwa amepewa matone ya polio na sindano ya surua wiki hii, nami nina mimba. Nimtenge?" – Mama, Jinja

Hapana. Virusi vya chanjo ya surua na rubela havikufikii kutoka kwake. Vya matone ya polio hutoka kwenye choo chake kwa wiki kadhaa, basi nawa mikono kwa sabuni kila ukimsafisha. Mtoto huyo akikosa chanjo na kuleta rubela halisi nyumbani, hapo ndipo tumbo lako lingekuwa hatarini.