Gram-Schmidt ya kale na iliyorekebishwa: kwa nini vekta zinapoteza pembe mraba ndani ya kompyuta

Swali: Wakuu, naandika kodi ya kuchambua vipimo vya maji kujaa na kupwa hapa Tanga. Nimefuata fomula ya Gram-Schmidt, ile ya kuzipa vekta pembe mraba kati yao, kama ilivyo kitabuni, lakini nikizidisha vekta mbili zilizotoka napata 0.5 badala ya 0. Mwenzangu kasema nitumie njia iliyorekebishwa, ila nikizifungua zote mbili kwenye karatasi naona ni kitu kimoja. Tofauti iko wapi?

Jibu:

Mkuu, karatasi yako haijakudanganya. Kwa hesabu kamili njia hizo mbili ni kitu kimoja. Zinaachana pale kompyuta inapokata tarakimu, na zinaachana vibaya zaidi pale vekta unazoanza nazo zinapokaribia kulala sambamba. Vipimo vya maji vina tabia hiyo hasa. Mimi pia nachambua data za pwani hii, na hili nakutana nalo kila mtu anapoleta vipimo vya siku chache.

Wimbi kuu linalotokana na mwezi lina mzunguko wa saa 12.42, na lile la jua saa 12. Yanapishana kama digrii 24 kwa siku na yanakutana tena baada ya siku 14.77, ndiyo maana wavuvi wa Sahare wanaona bamvua, kisha maji mafu, kisha bamvua tena kila baada ya wiki mbili hivi. Ukiwa na vipimo vya siku moja au mbili tu, safuwima ya mwezi na ya jua kwenye matriksi yako zinafanana sana. Ongeza mawimbi madogo ya saa 12.66 na 11.97, zinazidi kubanana. Kuzipa pembe mraba maana yake ni kutoa karibu kila kitu kutoka kila safuwima na kubaki na kipande kidogo sana. Hapo ndipo tarakimu zinapokatika.

Ili uone kwa macho, tuache data yako kidogo tuchukue mfano mdogo unaohesabika kwa mkono. Chukua ε = 0.00000001, yaani 1e-8, na vekta tatu:

```
a1 = (1, ε, 0, 0)
a2 = (1, 0, ε, 0)
a3 = (1, 0, 0, ε)
```

Namba za kawaida za kompyuta, zile za biti 64, zinashika tarakimu kama 16. Ukijumlisha kwenye 1 kitu kidogo kuliko 1.1e-16, jibu linabaki 1 ileile. Sasa ε² ni 1e-16, kwa hiyo 1 + ε² inakuwa 1. Urefu wa a1 unatoka 1, na q1, yaani a1 ikigawanywa kwa urefu wake, inabaki kama a1 ilivyo. Kosa hapo ni dogo mno na hakuna wa kulilaumu.

Tuendelee na a2. Zao la nukta la q1 na a2 ni 1. Toa q1, unabaki na (0, −ε, ε, 0). Gawa kwa urefu wake, q2 ni (0, −1, 1, 0) ikigawanywa kwa √2. Hadi hapa njia zote mbili zimefanya kitu kilekile. Lakini angalia kilichopotea. Kwa hesabu kamili, namba ya kwanza ya mabaki yale isingekuwa 0, ingekuwa takriban ε². Baada ya kugawa kwa urefu, namba ya kwanza ya q2 ilipaswa kuwa ε/√2, yaani 7.07e-9. Kompyuta imeweka 0. Huo ndio upungufu wa kufuatilia.

Ikifika zamu ya a3, njia ya kale inauliza: a3 yenyewe ina kiasi gani upande wa q1, na kiasi gani upande wa q2? Upande wa q1 jibu ni 1. Upande wa q2 kompyuta inapata 0 kamili, wakati jibu la kweli ni 7.07e-9. Kwa nini imekosa lote? Kwa sababu a3 ina 1 kwenye nafasi ya kwanza, na ile namba ya kwanza ya q2 ndiyo iliyofutwa. Upungufu wa 7.07e-9 umezidishwa na 1, ukaingia wote kwenye jibu. Mabaki yanakuwa (0, −ε, 0, ε), urefu wake 1.4e-8 tu. Kosa la 7e-9 mbele ya 1 si kitu, mbele ya 1.4e-8 ni nusu nzima. Ndiyo ile 0.5 yako: q2 na q3 zina digrii 60 kati yao badala ya 90.

Njia iliyorekebishwa inabadilisha kitu kimoja. Inatoa kwanza upande wa q1, halafu swali la q2 haliulizi a3, linauliza mabaki, yaani (0, −ε, 0, ε). Ile 1 kubwa imeshaondoka, kwa hiyo upungufu wa q2 hauna kitu kikubwa cha kuzidishwa nacho. Zao la nukta linatoka ε/√2, sahihi. Ukilitoa, q3 inakuwa (0, −1, −1, 2) ikigawanywa kwa √6, na zao lake na q2 ni 0.

Kwa maneno mengine, q zilizotangulia zina makosa madogo siku zote, na kosa hilo linaongezeka kwa kadiri ya urefu wa vekta unayoipima nazo. Njia ya kale inapima vekta nzima kila mara, iliyorekebishwa inapima kinachopungua. Kwenye kodi tofauti ni neno moja:

```python
import numpy as np

def gs(A, rekebishwa):
    Q = np.zeros(A.shape)
    for k in range(A.shape[1]):
        v = A[:, k].copy()
        for j in range(k):
            x = v if rekebishwa else A[:, k]
            v -= (Q[:, j] @ x) * Q[:, j]
        Q[:, k] = v / np.linalg.norm(v)
    return Q
```

Jaribu kwa ile matriksi ya vekta tatu, kisha uchapishe `Q.T @ Q`. Usitegemee kukagua kama `Q @ R` inarudisha A, R ikiwa ni matriksi ya mazao ya nukta na urefu uliopata njiani, na hapa naomba usome mara mbili. Ukaguzi huo unafaulu hata kwa njia ya kale. Kwenye mfano wetu, 1 mara q1 pamoja na (0, −ε, 0, ε) inarudisha a3 bila kasoro, ingawa Q imeharibika. Nimeona watu wakijiridhisha kwa kipimo hicho, kisha wakachapisha viwango vya bamvua visivyoaminika. Kipimo cha kweli ni `np.abs(Q.T @ Q - np.eye(n)).max()`, ambapo n ni idadi ya safuwima.

Sasa tahadhari ambayo mwenzako huenda hakukuambia. Njia iliyorekebishwa haikupi pembe mraba kamili. Kwenye mfano huu zao la q1 na q2 bado ni −7.07e-9, si 1e-16. Åke Björck alionyesha mwaka 1967 kwamba upotevu wa njia hii unaendana na κ mara kosa la mkato, ambapo κ ni namba inayopima jinsi safuwima zilivyobanana. Kwetu hapa κ ni kama 1.7e8, ukiizidisha na 1.1e-16 unapata takriban 2e-8, na tulichokiona kiko ndani ya hapo. Njia ya kale upotevu wake unafuata κ mara κ, ndiyo maana ilifika 0.5.

Dawa ikiwa unataka pembe mraba hasa: rudia utoaji mara ya pili kabla ya kugawa kwa urefu. Chukua yale mabaki ya a2, (0, −ε, ε, 0). Yapime tena kwa q1: unapata −ε², yaani −1e-16. Yatoe, na namba ya kwanza inakuwa 1e-16. Ile iliyofutwa imerudi! Iliweza kurudi kwa sababu sasa haishindani na 1 kubwa, imesimama peke yake, na kompyuta inashika namba ndogo vizuri sana zikiwa peke yake. Ukigawa, q2 inapata 7.07e-9 yake pale mbele, na zao lake na q1 linashuka hadi kiwango cha mkato. Ukirudia hivyo kwa kila safuwima, hata njia ya kale inakuwa salama, mradi safuwima hazijabanana kiasi cha kukosa tofauti yoyote ndani ya tarakimu 16. Mara mbili zinatosha, ya tatu haiongezi kitu. Wenye mashine za vichakataji vingi hupenda njia ya kale yenye marudio kwa sababu hesabu zote za safuwima moja zinafanyika kwa mkupuo.

Kama hutaki kurudia kila mara, linganisha urefu wa vekta kabla na baada ya kutoa. Ukishuka chini ya kama 0.7 ya ulivyokuwa, rudia. Kwetu a2 ilishuka kutoka 1 hadi 1.4e-8, yaani tarakimu karibu 8 zimekwenda.

Jambo la kifaa: ukihesabu ndani ya bodi ndogo kama Arduino Uno R3, hata `double` yake ni ya biti 32, na mkato ni kama 6e-8. Hapo ε ya 1e-4 tu inatosha kuleta 0.5 ileile, kwani 1e-8 inapotea mbele ya 1. Rekodi vipimo kwenye bodi, hesabu fanya kwenye kompyuta.

Na kama unachotaka ni viwango vya mawimbi tu, si vekta zenyewe, njia iliyorekebishwa inatosha bila marudio, kwa sharti moja: usihesabu `Q.T @ b` peke yake baadaye, b ikiwa ni vipimo vya kina cha maji. Weka b kama safuwima ya mwisho ya matriksi na uipitishe kwenye utoaji uleule, kila q ipime mabaki ya b na si b nzima. Namba zitakazotoka ndizo za upande wa kulia wa kutatulia na R. Ukihesabu `Q.T @ b` nje, unarudisha tatizo la njia ya kale kwa mlango wa nyuma. Au tumia `np.linalg.lstsq` moja kwa moja, ambayo haipiti Gram-Schmidt kabisa.

Ila kwa vipimo vya siku mbili, hata Q safi kabisa haitatenganisha mwezi na jua kwa uhakika. Makosa ya sentimita chache kwenye kusoma kipimo yatavimba kwenye majibu. Weka hapa umepima kwa siku ngapi, na namba ya `np.linalg.cond(A)`, ambayo ndiyo κ, tuangalie ni mawimbi yapi data yako inaweza kuyabeba.