Ukiandika "watu smati wa rika mbalimbali" utaletewa vijana sita wenye suti za bluu

Kazi yangu ni kuandika ile karatasi ambayo mpiga picha, mtu wa mavazi na yule anayetafuta mamodo wanaisoma kabla ya siku ya kupiga picha za tangazo, wengi tunaiita brifu. Naifanya hapa Dar miaka mingi sasa na nimeona kinachoharibu tangazo la ofisi mara nyingi sio kamera wala mamodo, ni ile sentensi moja inayosema "timu ya watu sita, jinsia na rika mbalimbali, wavae smati, watabasamu".

Naijua vizuri hiyo sentensi kwa sababu niliiandika mwenyewe. Ilikuwa kazi ya kampuni moja ya bima, wanataka bango la barabarani pamoja na picha za mtandaoni, mi nikatuma hayo maneno nikiamini nimeshaeleza kila kitu. Siku ya kupiga picha wakaja watu sita, wote ukiwakadiria wako kati ya miaka 26 na 31, suti za bluu, makola bado yana mikunjo ya dukani, na "rika mbalimbali" ikawa ni kaka mmoja aliyepakwa poda nyeupe kwenye nywele za juu ya masikio. Tukapiga hivyohivyo maana studio ilishalipiwa. Bango lilipotoka, mama mmoja aliyefanya kazi muda mrefu kwenye hiyo kampuni akaniuliza, tena kwa nia njema kabisa, "Hawa ni wa tawi gani? Mbona matawi yote nayajua?"

Nilikaa na hilo swali siku kadhaa. Nikaja kugundua kwamba anayetafuta mamodo hakukosea, alisoma maneno yangu akafungua orodha yake ya simu, na kwenye orodha ile wamejaa vijana kwa sababu vijana ndio wanaojiandikisha. Maneno kama "smati" na "mbalimbali" hayamwonyeshi mtu chochote cha kuona, kwa hiyo kila anayeyapokea anajazia na kile kilicho karibu yake.

Sa hivi siandiki neno hata moja kabla sijaenda kukaa mapokezi ya ofisi ya klaienti asubuhi, dakika tisini hivi zinatosha, naangalia wafanyakazi wanaingiaje, wamebeba nini, nani kavaa sweta, nani kabadilisha viatu akavaa ndala chini ya meza. Halafu kila mtu wa kwenye picha namwandikia aya yake mwenyewe, naanza na kazi anayofanya kisha ndio nakuja kwenye sura. Mfano ni tangazo la SACCOS moja ya wafanyakazi, watu walikuwa watano, na huyu alikuwa wa kwanza kwenye karatasi yangu:

"Mhasibu mkuu, mwanamke, miaka 52 hadi 56. Mnene kiasi, maji ya kunde. Nywele fupi za asili zina mvi, zisipakwe rangi. Miwani ya kusomea ameishusha puani. Gauni la kitenge lake mwenyewe, lilishafuliwa mara nyingi, mikono inafika kwenye kiwiko. Sweta jembamba liko kwenye mgongo wa kiti kwa sababu anakaa chini ya kiyoyozi. Anaonyesha mstari kwenye karatasi kwa kalamu, anamweleza afisa mikopo."

Na wa pili: "Afisa mikopo, mwanaume, miaka 33 hadi 36. Mrefu, mweusi, kanyoa kipara, ndevu fupi. Shati la mikono mirefu limekunjwa mara mbili, hana tai. Kitambulisho kakiingiza kwenye mfuko wa shati kisimning'inie akiinama. Anasikiliza, macho yako kwenye karatasi."

Angalia kwamba karibu kila nguo ina sababu yake, sweta lipo kwa ajili ya kiyoyozi, kitambulisho kimeingizwa mfukoni kwa sababu ya kuinama. Mtu wa mavazi akishajua sababu hawezi kukuletea blezi mpya, na modo mwenyewe akishajua anachofanya hakunji mikono kifuani, maana ile mikono kifuani inatokea pale mtu anapokosa kazi ya kufanya.

Kwenye umri nina msimamo mkali kidogo. Naandika nafasi ya miaka minne hivi, sio "25 hadi 55", ukiandika 25 hadi 55 utapata sita wa 28 na hakuna atakayekuwa amekudanganya. Tena naandika wazi kwamba umri hauchorwi kwa mekapu. Umri wa mtu hauko kwenye nywele peke yake, uko shingoni, uko kwenye mikono, uko kwenye namna anavyokaa kwenye kiti, na bango likiwa kubwa vile ngozi laini ya mkono wa kijana chini ya kichwa cheupe inaonekana hata ukiwa kwenye daladala. Kama kwenye orodha ya mamodo hakuna wakubwa basi tafuta kwingine, mi nimewapata kwenye kwaya, kwa walimu waliostaafu, na mara nyingi kwa wafanyakazi wenyewe wa klaienti. Walipe sawa na modo na wasaini fomu ya ridhaa inayosema picha itatumika wapi na kwa muda gani, usimpige mtu picha kwa sababu tu bosi wake kasema.

Sasa sura. Sisi tuna maneno mazuri ya rangi ya ngozi, mweusi, maji ya kunde, mweupe, na nayatumia bila aibu kwa sababu mpiga picha anahitaji kujua mapema. Kamera ukiiachia ipime mwanga yenyewe inatafuta wastani wa picha nzima, kwa hiyo ukimweka mtu mweusi mwenye shati jeupe mbele ya ukuta mweupe kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso wake unazama, unabaki kuona meno na macho. Halafu mtu wa kompyuta anakuja kuung'arisha ule uso na ngozi inageuka rangi ya majivu. Kwenye ile kazi ya SACCOS ndicho kilichotaka kutokea, picha za kwanza za majaribio afisa mikopo hakuwa na mashavu kabisa, unaona shati linatembea. Tulibadilisha vitu vichache tu, shati jeupe likawa la bluu mpauko, na yeye tukamsogeza upande wa dirisha ili mwanga umwingie kwa ubavu, kisha mpiga picha akapima mwanga kwenye uso wake badala ya kuacha kamera ikadirie. Mhasibu ambaye ni mweupe zaidi kidogo akakaa mbali na dirisha, wote wawili wakatoka na rangi zao walizozaliwa nazo. Tangu siku hiyo brifu zangu zinataja nani akae karibu na mwanga na ukuta ni wa rangi gani, na zina mstari unaokataza ngozi ya mtu yeyote kung'arishwa baadaye. Poda pia, mwambie wa mekapu aje na poda ya rangi ya kila mtu, na aache mng'ao kidogo kwenye paji la uso, ngozi isiyong'aa kabisa inafanana na sanamu ya dukani.

Mavazi nataka yatoke nyumbani kwao. Kila mmoja anakuja na nguo za juu tatu alizowahi kuvaa kazini, zimepigwa pasi, na jioni ya kabla ananitumia picha zake kwa wasap nizipange pamoja nione kama watu watatu wamekuja na rangi moja. Vimistari vyembamba vilivyobanana navikataa maana kwenye skrini vinacheza kama mawimbi. Rangi ya kampuni naiweka kwa mtu mmoja tu, tena kitu kidogo kama kamba ya kitambulisho, ikiwa kwa wote inakuwa sare ya shule.

Kama timu ina dada anayevaa ushungi, tafuta dada ambaye huwa anavaa na aufunge mwenyewe, nimeshaona mtu wa mavazi akimfunga modo asiyezoea, dada anashika shika shingo muda wote na picha zinaonyesha. Kanzu na kofia naziandika kama picha inasema ni Ijumaa. Kuna klaienti aliwahi kuniomba niongeze mtu mwenye shuka la Kimasai ofisini ili "utofauti uonekane", nilikataa, Mmasai anayefanya kazi kwenye hiyo ofisi anavaa shati kama wenzake na hapo ndipo nataka nimwone. Ni hivyohivyo kwa mtu wa kiti cha magurudumu, atafutwe anayekitumia kweli maishani, aje na kiti chake, na apewe jambo la kufanya mezani.

Kuna kitu kingine ambacho brifu nyingi zinakisahau nacho ni picha itakatwaje. Bango ni refu kwa upana, lakini ikienda kwenye simu inakatwa iwe ya mraba na walioko pembeni wanaondoka. Mara nyingi wanaowekwa pembeni ni mzee, mwenye ushungi, au mwenye ulemavu, kwa hiyo bango lina watu wote ila kwenye simu wamebaki vijana wawili wa katikati. Pia lenzi pana sana inavuta sura za pembeni, mtu anapanuka shavu ambalo sio lake. Mi naandika majina ya kazi ya wale wanaotakiwa kubaki katikati picha ikikatwa, SACCOS walikuwa mhasibu na afisa mikopo, na naomba mpiga picha arudi nyuma hatua kadhaa atumie lenzi ya milimita 50 au 85 badala ya kusogea karibu na lenzi pana.

Picha zikitoka naziba nembo na maandishi, namwonyesha mtu ambaye hajui kazi hiyo, mara nyingi mlinzi wa getini kwetu, namuuliza huyu anafanya kazi gani na nani hapa ni mkubwa. Akinijibu bila kusita kwamba mama ndio anajua mahesabu na kijana anafundishwa faili, nimemaliza. Akisema "hawa ni watu wa tangazo" narudi kuangalia mikono na macho, tatizo huwa liko hapo kabla halijawa kwenye nguo.

Mwisho wa ile kazi, meneja wa SACCOS alipenda picha yote isipokuwa sweta la kwenye kiti, akaona linachafua, akaomba lifutwe kwenye kompyuta. Nilimwomba tutoke tukazunguke ofisini kwake tuhesabu viti vyenye sweta au mtandio mgongoni. Tulihesabu saba, kimoja kikiwa cha katibu wake. Sweta likabaki.