Ngano ya bei nafuu, mkate wa gharama kubwa: nani abebe tofauti?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina bekari ndogo hapa Mtwara mjini, naoka mkate wa gramu 500. Mwezi uliopita tulianza stoo ikiwa tupu, tukanunua mifuko 80 ya unga wa ngano wa kilo 50 kwa sh. 72,500 badala ya 75,000 tuliyozoea. Mwisho wa mwezi zilibaki kilo 280. Tulipanga mikate 12,000, tukatoa 10,000. Kipimo chetu ni gramu 350 za unga kwa mkate. Mhasibu ameandika tofauti ya bei nzuri sh. 200,000 na tofauti ya matumizi mbaya sh. 330,000. Mnunuzi anadai apongezwe. Mwokaji anasema bajeti ilikuwa kilo 4,200 na yeye katumia 3,720, kwa hiyo kaokoa kilo 480. Nimsikilize nani?

JIBU: Mhasibu wako amepiga hesabu sawasawa. Mwokaji amekosea mahali ambapo wengi hukosea, kwa hiyo tuanze naye.

Kilo 4,200 zilikuwa za mikate 12,000. Mikate hiyo haikuokwa. Tofauti ya matumizi haiulizi mlipanga nini mwanzoni mwa mwezi. Inauliza mikate iliyotoka kweli ilistahili kula unga kiasi gani. Mikate 10,000 kwa gramu 350 ni kilo 3,500. Zimetumika 3,720, yaani zimezidi kilo 220. Kila kilo inathaminiwa kwa bei ya kipimo, sh. 1,500 (75,000 gawanya kwa 50), ndiyo ikatoka 330,000 mbaya. Ukilinganisha na bajeti ya zamani, siku umeme ukikatika na oveni ikalala, mwokaji ataonekana shujaa wa kuokoa unga kwa sababu tu hakuoka.

Kwa nini tunatumia 1,500 wakati mmelipa 1,450? Kwa sababu jikoni hawanunui. Bei ikipanda au ikishuka, hilo ni la mnunuzi, na limeshahesabiwa kwenye tofauti ya bei: sh. 50 za nafuu kwa kila kilo, mara kilo 4,000 zilizonunuliwa, ni 200,000. Angalia kwamba bei inapimwa kwa kilo zote zilizonunuliwa, si zilizotumika, ili mnunuzi ajulikane siku ile ile mzigo unaposhuka. Ila ukitaka kujua unga huu umekufaidisha nini kwenye mikate ya mwezi huo, chukua kilo 3,720 peke yake, upate sh. 186,000. Zile 14,000 nyingine ni za kilo 280 zilizoko stoo, bado hazijaokwa.

Hapo ndipo ripoti nyingi zinapoishia: mnunuzi anashukuriwa, mwokaji anakaripiwa. Ripoti hiyo bado haijasema ukweli, kwa sababu kilo 220 zina historia yake, na historia hiyo inaweza kuwa imeanzia kwa mnunuzi. Zichambue kwa mzani.

Kipimo cha gramu 350 kilitoka wapi? Chukulia mchanganyiko wa kawaida wa mkate wa kopo: kwa kila kilo 100 za unga, maji kilo 58, na sukari, mafuta, hamira na chumvi jumla kilo 9. Kilo 100 za unga zinazaa kilo 167 za donge. Mkate wa gramu 500 unakatwa donge la gramu 580, kwa kuwa oveni na kupoa vinakula zaidi ya asilimia 10 ya uzito. Gramu 580 gawanya kwa 1.67 ni gramu 347 za unga. Weka gramu 3 za unga wa kunyunyiza mezani na unaopotea kwenye chekeche, unapata 350. Nimetumia mchanganyiko huu kama mfano. Weka wa kwako, njia haibadiliki.

Sasa unga wa bei nafuu mara nyingi una protini kidogo, na unga wenye protini kidogo hunywa maji kidogo. Mwokaji akimwaga maji ya siku zote donge linanata mikononi, basi anapunguza. Tuseme ameshuka kutoka kilo 58 hadi 54. Kilo 100 za unga sasa zinazaa donge la kilo 163 tu. Donge lile lile la gramu 580 linadai gramu 356 za unga badala ya 347. Ni ongezeko la gramu 8.5 kwa mkate. Kwa mikate 10,000 ni kilo 85, sawa na sh. 127,500. Maji yaliyokosekana yamejazwa na unga, na maji hayana bei ya unga.

Pili, simama kwenye meza ya kukatia asubuhi moja na mzani mdogo wa kidijitali. Pima madonge 20 moja moja, mengine ya mwanzo wa mchanganyiko, mengine ya katikati na ya mwisho, bila kumtangazia mkataji. Ukikuta wastani wa gramu 600 badala ya 580, kila mkate umebeba unga wa ziada wa gramu 12.3. Kwa mikate 10,000 hiyo ni kilo 123, sh. 184,500. Hivyo 85 na 123 ni kilo 208. Kilo 12 zilizobaki ni unga wa mikate thelathini na kidogo, labda iliyoungua au iliyobonyea ikarudi jikoni. Daftari la mikate iliyoharibika litasema. Kama halipo, lianzishe leo, kwa sababu mikate 10,000 ya hesabu yako ni ile iliyouzika tu, na iliyoharibika inajificha ndani ya tofauti ya matumizi.

Ukishapata gramu 600, usimkaripie mtu kabla ya kuuliza swali moja: kwa nini anakata kubwa? Majibu yapo mawili, na kila moja linampa mtu mwingine mzigo.

Jibu la kwanza ni kwamba anakata kwa macho, au mzani umechoka. Jaribu mzani kwa jiwe la kilo moja lililohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Hilo ni kosa la jikoni, na hata ukirudi kwenye unga wa zamani litaendelea.

Jibu la pili ni hili: donge la gramu 580 halijazi kopo tena. Unga dhaifu haushikilii hewa ya hamira, mkate unatoka mfupi na wenye maduka ya Mikindani wanaurudisha wakidai umepunguzwa. Mwokaji anaongeza gramu 20 ili kimo kirudi. Huyu anaficha udhaifu wa unga ulionunuliwa, na amefanya hivyo ili wewe usipoteze wateja. Kumtambua ni rahisi. Oka makopo sita ya gramu 580 kwa unga huu na sita kwa mfuko mmoja wa unga wa zamani, siku moja, oveni moja, muda ule ule wa kuumuka. Yakipishana kimo kwa kidole kizima, jibu umelipata. Angalia pia tarehe ya hamira, maana hamira iliyokufa inatoa mkate mfupi vile vile.

Hesabu zinabadilika kabisa kati ya majibu hayo mawili. Kama unga umesababisha upungufu wa maji peke yake, basi umekupa 186,000 na kukunyang'anya 127,500, umebaki na faida ya 58,500. Kama umesababisha na donge kubwa, umekunyang'anya 312,000, nawe umepata hasara ya 126,000 kwa ajili ya bei "nzuri". Ripoti ya mhasibu ni ile ile katika hali zote mbili. Ndiyo maana naomba sana tofauti hizi mbili zisomwe pamoja, na mnunuzi na mwokaji waitwe meza moja.

Kabla hujafika huko, kuna mambo mawili ya stoo yanayoweza kutengeneza tofauti ya uongo. Hizo kilo 280 lazima zilikuwa mifuko mitano na mmoja uliofunguliwa wenye kilo 30. Je, ule wa sita ulipimwa, au ulikisiwa? Mtunza stoo akiukisia kuwa na kilo 30 kumbe una 45, amekupandishia matumizi kwa kilo 15, sh. 22,500, na mwezi ujao zitarudi kama tofauti nzuri isiyo na mwenyewe. Ukiona matumizi ni mabaya mwezi huu, mazuri mwezi ujao, mabaya tena, shuku hesabu ya stoo kwanza. Jambo la pili ni hali ya hewa yetu ya pwani. Unga uliolazwa sakafuni karibu na ukuta hunyonya unyevu, na unga wenye unyevu tayari hunywa maji kidogo kwenye mashine ya kukandia. Dalili zake zinafanana na za unga wa protini kidogo, lakini mnunuzi hana kosa. Pima mfuko ambao haujafunguliwa: ukizidi uzito uliopokelewa nao, stoo ndiyo inayokudanganya. Inua mifuko juu ya mbao, iachie nafasi kutoka ukutani.

Neno kidogo kuhusu bei ya kipimo yenyewe. Hakikisha 75,000 yako ni ya mfuko uliofika mlangoni, nauli na ushushaji ndani yake. Ikiwa mnunuzi anapimwa kwa bei ya Dar es Salaam peke yake, atapata tofauti nzuri huku nauli ikilalia kwenye hesabu nyingine. Na tofauti mbaya ya bei si lazima iwe kosa lake: Mei 2024 barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilipokatika eneo la Somanga kwa mvua, gharama ya kufikisha mzigo kusini haikuwa mikononi mwa mnunuzi yeyote. Tofauti ya namna hiyo iandikwe peke yake, pembeni ya ile anayoweza kuizuia.

Sasa uamuzi wa oda ijayo. Kwa kipimo chako unga wa mkate mmoja ni sh. 525. Kama jaribio la makopo limeonyesha kwamba tatizo la unga ni maji tu, na mwokaji amerudi kwenye gramu 580, mkate utakula gramu 358.5, gawanya 525 kwa 0.3585, zidisha kwa kilo 50 za mfuko, unga huu unakufaa ukiwa chini ya sh. 73,200 kwa mfuko, na kwa 72,500 endelea kuununua. Kama unadai donge la gramu 600, mkate unafika gramu 371 hata bila mikate iliyoharibika. Gawanya 525 kwa 0.371, zidisha tena kwa 50, mpaka wako ni sh. 70,750. Mpe mnunuzi namba hiyo aende nayo kwa muuzaji.