Ndoo Mbili kwa Mfuko Mmoja

Juzi nimepata ujumbe wa dada mmoja wa Buhongwa, hapa Mwanza. Ameandika: "Dada, slabu yetu tumemwaga Jumamosi iliyopita. Fundi anasema wiki imetimia, anataka kutoa mirunda akaitumie saiti nyingine. Zege limekauka vizuri, limekuwa jeupe. Nimruhusu?"

Nimeusoma mara tatu. Neno "limekauka" limenigusa pabaya, kwa sababu ndilo neno nililoambiwa mimi Julai 2019 kule Buswelu, nikalipokea kama habari njema.

Nilikuwa najenga fremu za biashara, chumba kikae juu. Nguzo nane. Fedha nilikuwa nimejinyima miaka minne kuzipata. Siku ya kumwaga nilisimama pale tangu asubuhi. Zege la kwanza lilipochanganywa lilikuwa zito, koleo likiingia linabaki limesimama. Fundi akaniambia, "Mama, zege hili halitashuka kwenye nondo, linataka kunywa." Akamwita saidia fundi, ndoo ya pili ya lita 20 ikamiminwa. Zege likawa kama uji wa mgonjwa, likatelemka lenyewe, kila mtu akafurahi. Ndoo mbili kwa kila mfuko wa kilo 50, nguzo zote nane. Niliona maji meupe kama maziwa yakichuruzika kwenye maungio ya mbao na kulowesha udongo. Sikujua kwamba ni saruji yangu inayoondoka.

Siku ya pili mbao zikavuliwa. Upepo wa kiangazi ulikuwa unavuma kutoka ziwani, jua kali, na nguzo zikawa nyeupe kabla ya jioni. Nilipouliza kuhusu kumwagilia nikajibiwa kwamba maji ya boza ni ghali na zege "limeshakauka." Nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba niliuliza halafu nikanyamaza.

Wiki ya tatu nilikwaruza nguzo moja kwa msumari. Msumari ukachimba mfereji, unga wa kijivu ukanidondokea mguuni. Nikamwita kijana anayefanya kazi ya maabara ya vifaa vya ujenzi, akaja na nyundo ya kupimia, ile inayogonga na kuruka nyuma. Mchoro wetu ulitaka nyutoni 20 kwa milimita ya mraba. Makadirio yake yalikuwa kama 11. Tulivunja nguzo zote nane.

Kijana yule alikaa na mimi kwenye rundo la kokoto akanieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza. Zege halikauki likawa gumu. Saruji inaungana na maji, inazaa kitu kipya chenye nyuzi ndogo mno zinazoshikana na kung'ang'ania mchanga na kokoto, na kazi hiyo inatoa joto. (Gusa zege nene kesho yake asubuhi, utalisikia vuguvugu.) Ndiyo maana zege hugandana hata chini ya maji. Kinachosimamisha kazi hiyo ni ukavu. Unyevu wa ndani ukishuka chini ya asilimia 80 hivi, saruji iliyobaki inalala bila kufanya kazi, nawe umeshailipia.

Sasa, saruji inahitaji maji kiasi gani? Ili yote iungane inatosha kama asilimia 40 ya uzito wake, yaani lita 20 kwa mfuko. Tunaweka lita 25 ili zege lichanganyike na kushindilika kwa mikono. Mimi niliweka 40. Zile lita 15 za ziada hazikuwa na wa kuungana naye. Zilikaa katikati ya zege, kisha zikatoka kidogo kidogo na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho, nguzo nzima ikawa kama mkate. Kutoka lita 25 kwenda 40, nguvu inaweza kushuka hadi nusu au chini yake, hata kama saruji, mchanga na kokoto ni vilevile.

Angalia mfuko wako, umeandikwa 32.5 au 42.5. Hiyo ni nguvu ya chini inayotakiwa baada ya siku 28, na inapimwa kiwandani kwa gramu 450 za saruji na gramu 225 za maji. Nusu kamili. Ukimimina ndoo mbili, namba ile haikuhusu tena, na usimlaumu mwenye duka.

Nilirudia kazi Novemba mwaka uleule, na safari hii ndoo niliishika mimi. Mvua zilikuwa zimeanza na mchanga ulikuwa umelowa, basi kijana akanifundisha kuupima. Pima kilo moja ya mchanga, uweke kwenye kikaango juu ya jiko la mkaa, geuza hadi mvuke uishe, pima tena. Wangu ulibaki gramu 950. Kwa mfuko mmoja tulitumia karibu kilo 100 za mchanga, kwa hiyo lita 5 za maji zilikuwa zimejificha humo. Nikapunguza: badala ya lita 25, lita 20 tu. Ndoo moja.

Mafundi walinung'unika kwamba zege ni zito. Kweli lilikuwa zito. Tuliliingiza kwa matabaka mafupi, kila tabaka tunalichoma kwa kipande cha nondo na kugonga mbao kwa nyundo hadi mapovu yaishe. Kama lingekataa kabisa, ningekubali lita 5 zaidi, lakini pamoja na kilo 10 za saruji. Dada zangu, shikeni hapo: maji hayaongezwi peke yake!

Mbao zilipotoka tulizungushia nguzo magunia ya katani, juu yake nailoni, tukafunga kwa kamba. Tulimwagilia siku 14. Kila saa tisa alasiri nilikuwa naingiza mkono chini ya gunia. Likiwa kavu, mtu anakwenda na dumu sasa hivi, si jioni. Zege la siku ile ya kumwaga tulilijaza kwenye viboksi vya chuma na kuvipeleka maabara: siku ya 7 vilivunjika kwa nyutoni 18, siku ya 28 kwa 27. Karatasi ile ninayo mpaka leo. Wiki ya kwanza ilileta theluthi mbili ya nguvu, ile theluthi iliyobaki ikaja polepole kwa wiki tatu.

Kwa hiyo, dada wa Buhongwa: usimruhusu. Slabu yako hata ingemwagiliwa vizuri ingekuwa na theluthi mbili tu, na weupe huo unaniambia haikumwagiliwa. Leo hii zungushia kingo zake matuta ya udongo, jaza maji kina cha vidole viwili, yasikauke kwa siku 14. Saruji iliyolala itaamka kwa sehemu, ingawa ngozi ya juu huenda isirudi yote. Siku zilizopita kavu mimi nisingezihesabu. Mirunda ya slabu ibaki hadi siku hizo 14 mpya ziishe, ya chini ya boriti siku 21, na kabla ya kutoa hata mmoja aje mhandisi aigonge slabu kwa nyundo ile ya kupimia. Fundi akihitaji mirunda kwa saiti nyingine, akodi. Na muulize aliweka ndoo ngapi kwa mfuko, kisha uniandikie jibu lake.