Kudhibiti jodari katika jiko dogo: sehemu zipi, na kuandika nini

*Assalamu alaykum bwana afya. Nina jiko dogo hapa Wete, tunapika mchuzi wa jodari kwa wageni. Nimeandika sehemu muhimu za udhibiti 14 kufuata HACCP, mfumo wa kuzuia hatari katika chakula, na wafanyakazi hawajazi fomu. Nipunguze zipi?*

Waalaykumu salaam, dada. Kunawa mikono, kusafisha mbao na kufukuza nzi ni usafi wa kila siku; yaendelee, lakini yatoe katika orodha hiyo. Sehemu muhimu ya udhibiti ni hatua ambayo ukiikosea, hakuna hatua ya mbele itakayokuokoa. Kwa jodari wako, kabla ya kupika, zimebaki mbili: kumpokea, na kumweka katika ubaridi mpaka wakati wa kumpika.

Wengi hudhani kwamba moto ndio kinga yao, na kwa kuku ni kweli. Jodari, nguru na vibua ni tofauti, kwa sababu wakikaa kwenye joto bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na histamini haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kugandisha. Mlaji huona uso unamwiva, mwili unamwasha na kichwa kinamgonga, pengine ndani ya dakika chache tu, kisha watu husema ana mzio wa samaki. Wala usitegemee pua, maana samaki asiyenuka anaweza kuwa nayo.

Kikomo chako cha kupokea kiwe hivi: samaki amefunikwa na barafu pande zote, na kipimajoto kilichochomwa kwenye mnofu mnene karibu na uti wa mgongo hakizidi nyuzi 4. Kupima ngozi hakutoshi, kwani ngozi hupoa kwanza na katikati hubaki na joto. Jokofu nalo lisizidi nyuzi 4, lisomwe asubuhi, mchana na jioni.

Daftari moja linatosha. Kwa mfano: “Jumanne, saa 1:40 asubuhi, jodari kilo 9, nyuzi 3, barafu ipo, amepokelewa,” na sahihi ya aliyepima. Mstari wa pili: “Saa 2:10, jodari kilo 6, nyuzi 11, barafu juu tu, amerudishwa kwa mchuuzi.” Mstari huu wa pili ndio ninaoutafuta kwanza ninapokagua, kwa sababu unaonyesha kwamba kikomo kilipovunjwa kuna mtu aliyechukua hatua. Kumtia barafu samaki huyo na kumpokea hakufai, kwani histamini iliyokwisha kutengenezwa haipungui kwa baridi.

Jiko moja nililolikagua lilikuwa na “nyuzi 4” mwezi mzima, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, hata siku ambazo umeme ulikatika. Kwa hiyo daftari litundikwe mlangoni pa kupokelea, aandike aliyepima papo hapo, nawe ulisome na kutia sahihi kila jioni. Kipimajoto chenyewe kijaribiwe kila wiki katika bilauri ya barafu iliyopondwa na maji kidogo; kisiposoma 0, au karibu mno na hapo, kirekebishe au nunua kingine.