Usaili umeahirishwa asubuhi ya leo na tarehe mpya haijatajwa

Nilipanda Coaster Moshi alfajiri kuja Arusha kwenye usaili wa saa 3. Tumefika Boma Ng'ombe, saa 1:40, nikapata ujumbe wa WhatsApp: "Habari, usaili wa leo umeahirishwa. Tutakujulisha." Nilijibu "Sawa", nikashuka. Nilikosea?
*Msomaji, Njoro, Moshi*

Pole sana kwa usumbufu na kwa nauli. Hukukosea kushuka, lakini neno "Sawa" limeiacha kazi yote ya kupanga tarehe mikononi mwa mtu ambaye asubuhi hiyo alikuwa na wengine wengi wa kuwaarifu.

Nimefanya kazi ya rasilimali watu hapa Arusha kwa miaka kadhaa, na ujumbe kama huo nimeutuma mwenyewe zaidi ya mara moja. Meneja aliyepaswa kuongoza usaili ameitwa ghafla, au amekwama njiani akitokea Karatu, nami nina dakika 20 za kuwazuia watu sita wasifike ofisini bure. Ujumbe huandikwa mara moja na kutumwa kwa wote sita, na tarehe mpya haitajwi kwa sababu kwa wakati huo haipo. Kesho yake meneja akiuliza wale watu waitwe lini, ninachofungua ni simu, na humo nakuta "Sawa" nne, mmoja aliyekaa kimya, na mmoja aliyeandika kwamba anaweza kufika Jumanne au Alhamisi. Meneja akisema Alhamisi ana nafasi, huyo anapangiwa papo hapo. Hakuna aliyempendelea, ila suala lake lilikuwa linamalizika kwa neno moja, wakati wale wengine walihitaji kupigiwa na kuulizwa upya.

Kwa hiyo hujachelewa. Andika ujumbe wa pili leo hii, kabla ya saa za kazi kuisha, kwa namna hii:

"Habari za mchana, Dada. Nimepokea taarifa kuwa usaili wa leo saa 3:00 asubuhi (09:00), nafasi ya karani wa hesabu, umeahirishwa. Asante kwa kunijulisha kabla sijafika. Bado naihitaji nafasi hii. Wiki ijayo naweza kufika ofisini Jumanne au Alhamisi kuanzia saa 4:00 asubuhi (10:00). Kwa kuwa natokea Moshi, nitashukuru nikipata taarifa mchana wa siku iliyotangulia. Je, moja ya siku hizo itafaa, au nisubiri tarehe kutoka kwenu?" Kisha weka jina lako kamili, lilelile lililo kwenye wasifu wako, pamoja na namba ya simu.

Nafasi na saa zimetajwa kwa sababu ofisi inaweza kuwa inasaili karani, dereva na mpishi katika wiki moja, na anayesoma asilazimike kukutafuta wewe ni nani. Siku ni mbili, wala si "wakati wowote", kwa kuwa "wakati wowote" humrudishia msomaji kazi ileile ya kuchagua. Saa imeandikwa kwa namna zote mbili kwa sababu ofisi nyingi za hapa zina kalenda ya Kiingereza, na nimeshuhudia mtu akiambiwa "saa 4" akafika saa 10 jioni. Suala la Moshi limetajwa kwa sentensi moja isiyo na malalamiko, na sentensi hiyo ndiyo inayokulinda usitumiwe ujumbe mwingine ukiwa Boma Ng'ombe.

Nauli usiitaje hapa, na sababu ya kuahirisha usiiulize. Ikiwa sababu ni ya kawaida watakueleza wakikupigia, na ikiwa ni ya ndani, swali lako litamweka afisa katika hali ya kutafuta la kusema, naye ataliacha likae bila jibu pamoja na mengine yote uliyoandika.

Nilikuwa nimeshafika Usa River. Si ningeendelea tu nikajitokeze ofisini waone nia yangu?
*Msomaji, Soweto, Moshi*

Piga simu moja ukiwa hapo hapo na useme: "Nimepata ujumbe wenu, nami nimeshafika Usa River. Je, kuna mtu mwingine ninayeweza kuonana naye leo, au nirudi?" Ofisi ikiwa na msaidizi wa meneja anayehusika na usaili, huenda ukapokelewa. Simu isipopokelewa, rudi nyumbani, kisha andika. Kufika mlangoni baada ya kuzuiwa humlazimu mlinzi amwite afisa ambaye tayari ana siku mbaya, na mara nyingi kinachokumbukwa baadaye ni usumbufu huo, hata kama nia yako ilikuwa njema.

Barua pepe yangu haisemi "umeahirishwa". Inasema "usaili umesitishwa hadi taarifa nyingine". Nijibu vilevile?
*Msomaji, Sakina, Arusha*

Si vilevile. Kinachoahirishwa kinasogezwa mbele. Kinachositishwa kimesimama, na mara nyingi kilichosimama ni nafasi yenyewe: bajeti haijapitishwa, au aliyekuwa ameaga ameamua kubaki. Ukitoa siku mbili katika hali hiyo, unampa afisa jibu la swali ambalo hajalifikia. Muulize kwanza kuhusu nafasi: "Je, nafasi ya mhudumu wa mapokezi bado ipo wazi, na maombi yangu yanaendelea kuzingatiwa?" Jibu kwa kutumia barua pepe ileile waliyokuandikia, usianzishe mpya, ili mwaliko wa kwanza na majibu yote yabaki mahali pamoja.

Katika utalii, angalia pia kalenda. Msimu wa wageni wengi huanza Juni na kuendelea hadi Oktoba, na mvua za masika hushusha biashara hasa Aprili na Mei. Usaili uliositishwa Aprili unaweza kuamka wiki chache tu kabla ya msimu, na kuamka kwake huwa kwa haraka. Ndiyo maana ni vizuri ujumbe wako ueleze ni baada ya siku ngapi unaweza kuanza kazi.

Niliandika vizuri, nikataja na siku. Wiki nzima imepita kimya. Nipige simu au nitaonekana msumbufu?
*Msomaji, Kijenge, Arusha*

Siku tano za kazi ni muda wa haki kwa nafasi za kawaida, kwa hiyo huwezi kuitwa msumbufu. Anza na ujumbe mfupi chini ya ule wa kwanza: "Habari, nafuatilia usaili ulioahirishwa tarehe 12. Siku nilizotaja zimepita. Wiki ijayo naweza Jumatatu au Jumatano. Je, tarehe imeshapangwa?" Kubadilisha siku ni lazima, maana ujumbe wenye siku zilizopita hauna cha kufanyiwa. Tuma kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, Jumanne hadi Alhamisi. Jumatatu afisa anasoma ya mwishoni mwa wiki, na Ijumaa mchana anafunga ya kwake.

Usipopata jibu kwa siku mbili, piga simu mara moja. Zaidi ya hapo, ujumbe mmoja wa mwisho baada ya wiki mbili unatosha. Nimeshaona watu wakipiga mara nne kwa siku, na nimeshaona afisa akihifadhi namba ya mtu huyo ili asiipokee.

Kuna dalili moja ya kuangalia mapema. Ukiambiwa "tarehe tutaitangaza", mambo yako hai. Ukiambiwa "tutakutafuta ikihitajika", nafasi imepata mtu, au inakaribia. Endelea na maombi mengine siku hiyo hiyo. Na anayekuambia utume fedha ili tarehe yako mpya "ihifadhiwe", huyo hana kazi ya kukupa, usimjibu tena.

Mimi nina kazi. Nilimwomba bosi ruhusa ya siku moja, usaili ukafutwa usiku wa kuamkia. Siwezi kuomba ruhusa nyingine hivi hivi.
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Hili liandike waziwazi, bila kueleza mambo ya bosi wako: "Kwa kuwa nipo kazini, naweza kufika baada ya saa 11:00 jioni (17:00) siku yoyote ya wiki, au Jumamosi asubuhi. Kwa siku ya kazi mchana, naomba taarifa siku tatu kabla." Afisa mwenye uzoefu hakasirishwi na maneno haya, kwa sababu yanamweleza namna utakavyomtendea mwajiri wako mpya siku ukiwa naye. Unaweza pia kupendekeza mazungumzo ya kwanza yafanyike kwa simu au kwa video, nusu saa ya mapumziko ya mchana, kisha kufika ofisini kubaki kwa hatua ya pili. Kwa wanaotokea Moshi pendekezo hili linafaa zaidi, kwani umbali ni kilomita 80 hivi kwenda peke yake.

Jambo moja nakusihi: usitoe taarifa ya kuacha kazi kwa kutegemea usaili uliofutwa, hata ukiambiwa kwa simu kwamba "wewe ndiye tunayekutaka". Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28, isipokuwa yuko katika mwezi wa kwanza wa ajira. Siku hizo 28 zianze kuhesabiwa ukiwa na mkataba uliosainiwa mkononi.

Sasa ni mara ya pili wanaahirisha, tena saa moja kabla. Niwaambie kwamba wamenikosea?
*Msomaji, Ngaramtoni, Arusha*

Wamekukosea, na unayo haki ya kulitaja mara moja kwa utulivu. Mara ya kwanza sikushauri, kwa sababu dharura humpata kila mtu. Mara ya pili, kukaa kimya kunawafundisha kwamba muda wako hauna gharama. Andika: "Nimepokea taarifa. Hii ni mara ya pili usaili kuahirishwa nikiwa nimeshajiandaa kutoka, nami naomba tarehe ijayo ithibitishwe kwa simu siku moja kabla. Naweza Jumatano au Ijumaa." Acha maneno kama "mmenidharau" au "hamko makini", hata kama ndivyo unavyohisi, kwa kuwa yanaalika mabishano badala ya tarehe.

Wakiahirisha mara ya tatu bila maelezo, mimi ningejiondoa kwa maandishi ya sentensi mbili, nikashukuru, nikaacha namba yangu. Ofisi isiyoweza kuweka saa moja kwa ajili ya kukuona mara tatu mfululizo, ama haijaamua kama inamhitaji mtu, ama itakuita kazini kwa mtindo huohuo.

Usaili wangu ni wa serikali, kupitia Ajira Portal. Nao niwaandikie siku ninazoweza?
*Msomaji, Kaloleni, Arusha*

Hapana. Huko ratiba hupangwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa wasailiwa wengi kwa pamoja, na mabadiliko hutolewa kwa tangazo, kwa hiyo siku unazozitaja haziwezi kumfikia mtu mwenye uwezo wa kuzipanga. Ingia kwenye akaunti yako kila siku, soma tangazo lote pamoja na majedwali yake, na hakiki kwamba namba ya simu uliyojisajili nayo bado ipo hewani.